Shajara ya mradi: barua ya mwanachuo ya kuomba mrejesho baada ya kutazamwa kipindi

Wiki ya 1, Jumatatu

Kazi yetu ni moja. Tunataka barua ya ukurasa mmoja ambayo mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha anaweza kumwandikia mkufunzi msimamizi baada ya kutazamwa kipindi, na majibu yake yawe ya kufanyia kazi kesho yake asubuhi. Barua ikishakaa sawa, tutaitoa kama kielelezo kwa wanachuo wetu wote watakaopangiwa shule za Mtwara na Lindi.

Hali yenyewe inajulikana. Mkufunzi anapita shule kadhaa kwa siku. Anakaa dawati la nyuma na fomu ya tathmini, kengele ikilia anazungumza na mwanachuo dakika tano nje ya mlango huku pikipiki inamsubiri, kisha anaondoka. Mwanachuo anabaki na nakala ya fomu yenye alama na maneno matatu manne ya maoni. Fomu tunayoitumia kwa jaribio hili ina maneno mawili tu kwenye kipengele cha vifaa: "Boresha zana."

Kipindi ni cha Hisabati, darasa la nne, kwenye shule ya msingi moja ya pwani ya Mtwara. Mada ni kulinganisha sehemu zenye asili tofauti. Wanafunzi waliohudhuria ni 51, muda dakika 40. Zana zilikuwa mihogo miwili mibichi na kisu. Mwanachuo amekubali barua yake na vielelezo vyake vitumike hapa, jina na shule visitajwe.

Wiki ya 1, Jumanne: rasimu ya kwanza

Hii ndiyo aliyoiandika mwenyewe kabla hatujagusa chochote:

> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachuo niliye katika mazoezi ya kufundisha. Naomba unipatie mrejesho wa kipindi ulichonitazama ili niweze kuboresha ufundishaji wangu. Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Adabu ipo, mpangilio wa barua rasmi upo, Kiswahili hakina tatizo. Jibu lilirudi baada ya siku nne: ajitahidi zaidi kwenye zana na ushirikishwaji wa wanafunzi. Yaani yale yale ya kwenye fomu, yameongezwa neno moja.

Si uvivu wa mkufunzi. Barua haimkumbushi ni darasa lipi, mada ipi, saa ngapi, naye tangu siku ile ameshakaa nyuma ya madarasa mengine kadhaa. Pili, "mrejesho wa kipindi" ni dakika 40 nzima. Mtu akiulizwa juu ya kitu kizima hivyo hujibu kwa neno linalofunika vyote, na neno linalofunika vyote halimwambii mwanachuo ashike chaki vipi kesho.

Tumeona pia barua za wanachuo wengine zenye sentensi kama "naomba unisaidie kwenye hilo kwa kuwa alama hazikuwa nzuri." Sentensi hiyo inaua barua. Mkufunzi akishahisi kwamba anaombwa alama, kalamu inakuwa nzito na majibu yanakuwa ya tahadhari. Alama zina taratibu zake chuoni, na barua ya mrejesho isizitaje hata kwa mbali.

Wiki ya 1, Alhamisi: rasimu ya pili

Safari hii tulimwomba aeleze kipindi kilivyokwenda. Ikatoka kurasa mbili na nusu. Utangulizi wa kipindi, maarifa mapya, kazi za vikundi, zoezi, hitimisho, vyote vimo. Ilikuwa nakala ya andalio la somo iliyogeuzwa kuwa wakati uliopita. Mkufunzi alikuwa na lile andalio mkononi siku yenyewe, halimwongezei kitu.

Kibaya zaidi, kila palipokuwa na shida palikuwa na utetezi nyuma yake. "Wanafunzi hawakuelewa kwa sababu msingi wao ni dhaifu." "Muda haukutosha kwa sababu darasa ni kubwa." Sentensi za namna hii humfanya msomaji aanze kupima utetezi badala ya kupima kipindi. Tulipozifuta zote, mistari iliyobaki yenye habari mpya ilikuwa minne. Mmoja kati ya hiyo minne ndio uliobeba mradi wote:

> Mtoto mmoja alisema kipande cha nne ndicho kirefu, nikamwambia hapana, tukaendelea.

Wiki ya 2, Jumatatu: tukio kwa karibu

Tulimwomba mwanachuo afungue daftari lake na aandike tukio lile tu, kwa saa, kwa maneno yaliyotamkwa, na kwa vipimo. Bahati nzuri alikuwa ameandika mambo mengi mchana ule ule.

Mhogo wa kwanza ulikuwa na urefu wa kama sentimeta 20. Aliukata vipande vitatu na kuandika 1/3 ubaoni. Wa pili ulikuwa na kama sentimeta 32. Aliukata vipande vinne na kuandika 1/4. Dakika ya 14 akainua kipande kimoja kutoka kila mhogo na kuuliza: "Kipi kikubwa?" Mtoto wa dawati la pili akajibu: "Hiki cha nne ndicho kirefu, mwalimu." Mwalimu akasema: "Hapana, theluthi ndiyo kubwa," akaandika 1/3 > 1/4 ubaoni na kuendelea.

Sasa piga hesabu. Sentimeta 20 kwa 3 ni chini kidogo ya 7. Sentimeta 32 kwa 4 ni 8. Kipande cha robo kilikuwa kirefu kweli. Mtoto alisema alichokiona na alikuwa sahihi, akaambiwa hapana, na wenzake 50 wakashuhudia kwamba macho yao hayaaminiki kwenye Hisabati. Mwanachuo hakuligundua hilo mpaka alipoandika vipimo viwili kwenye mstari mmoja. Kipengele hiki kinaingia kwenye kielelezo kama sharti: tukio liandikwe kwa vipimo, si kwa maelezo. "Nilitumia mihogo" haionyeshi kitu. "Sentimeta 20 na sentimeta 32" inaonyesha kila kitu.

Andika siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Maneno ya mtoto yakilala usiku mmoja hugeuka kuwa maneno ya mwalimu: kesho yake "hiki cha nne ndicho kirefu" inakuwa "mwanafunzi alichanganya," na ushahidi umepotea.

Wiki ya 2, Jumanne: daftari zipi ziambatishwe

Mwishoni mwa kipindi kulikuwa na zoezi la maswali matano ya kuweka alama ya > au <:

1. 1/3 na 1/4
2. 1/5 na 1/6
3. 1/2 na 1/8
4. 3/5 na 2/5
5. 1/10 na 1/7

Wazo la kwanza la mwanachuo lilikuwa kupeleka wastani wa darasa. Wastani ni namba moja na hauonyeshi mtoto alifikiri nini. Kinachoonyesha ni mfuatano wa majibu ndani ya daftari moja. Tulipopitia daftari zote, zikajipanga kwenye mafungu matatu.

Fungu la kwanza wamepata yote. Fungu la pili wamepata swali la 4 peke yake. Hawa wanalinganisha namba kama namba: 4 ni kubwa kuliko 3, basi 1/4 ni kubwa kuliko 1/3. Swali la 4 wanalipata kwa sababu asili ni moja, na kanuni yao mbovu inatoa jibu sahihi. Fungu la tatu, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote, wamepata la 4 na la 3. Wana kanuni ile ile mbovu, isipokuwa nusu wanaijua kutoka dukani. Mtoto anayetumwa nusu kilo ya sukari hahitaji kufundishwa kwamba nusu inashinda vipande vidogo. Theluthi haiuzwi dukani, kwa hiyo hapo hana pa kushika.

Na neno lenyewe "robo" linachangia. Mtoto anajua robo kilo ni ndogo kuliko nusu kilo, lakini "robo" haina "nne" ndani yake inayosikika. Akiona 1/4 ubaoni anaona nne, haoni robo. Mwalimu asipoviunganisha kwa mdomo na kwa mkono, vinabaki vitu viwili.

Kwa hiyo barua iambatishe kurasa tatu, moja ya kila fungu, kwa picha ya simu, jina la mtoto likiwa limefunikwa kwa kipande cha karatasi. Tatu zinatosha. Mkufunzi akiletewa daftari 12 hatafungua hata moja.

Angalizo kwa atakayetunga zoezi kama hili: bila swali la 4 na la 3 usingeweza kutenganisha mafungu. Ukiweka maswali matano yote ya aina ya 1/3 na 1/4, watoto wote waliokosa wanafanana na huna la kumuuliza mkufunzi.

Wiki ya 2, Alhamisi: maswali mawili

Rasimu ya maswali ilianza na saba. Tukapunguza kwa kipimo kimoja: je, mkufunzi anaweza kulijibu kwa mistari miwili, na je, jibu litabadilisha kitu kwenye andalio la kipindi kijacho? "Nifanyeje ili darasa lishiriki?" limekatwa, halijibiki kwa mistari miwili. "Je, sauti yangu ilisikika nyuma?" linajibika, lakini hilo mwalimu mlezi wa pale shuleni analijua, aulizwe yeye wakati wa chai.

Yamebaki mawili. La kwanza linahusu maneno ya mkufunzi mwenyewe kwenye fomu, kwa kuwa "Boresha zana" inaweza kuwa na maana tatu: zana haikufaa, zana ilifaa ila iliandaliwa vibaya, au iliandaliwa sawa ila ilitumiwa vibaya. La pili linahusu dakika ya 14. Chini ya kila swali tumeacha nafasi tupu ya kujibu. Nafasi hiyo inafanya kazi kuliko tulivyotarajia: mkufunzi anajaza kwa kalamu, anapiga picha na kuirudisha kwa wasapu, hahitaji kukaa chini kuandika barua ya majibu.

Wiki ya 3, Jumatatu: rasimu ya tatu, ndiyo iliyotumwa

> Shule ya Msingi …………
> S.L.P. …………, Mtwara
> Tarehe …………
>
> Mkufunzi Msimamizi,
> Chuo cha Ualimu …………
> S.L.P. …………
>
> Ndugu Mkufunzi,
>
> YAH: KUOMBA MREJESHO WA KIPINDI CHA HISABATI, DARASA LA NNE
>
> Ulitazama kipindi changu siku ya Jumanne, saa 2:40 hadi 3:20 asubuhi, mada ya kulinganisha sehemu zenye asili tofauti. Ndicho kipindi nilichotumia mihogo miwili. Nashukuru kwa maoni uliyoyaandika kwenye fomu.
>
> Dakika ya 14 niliinua kipande cha 1/3 kutoka mhogo wa sentimeta 20 na kipande cha 1/4 kutoka mhogo wa sentimeta 32. Mwanafunzi alisema: "Hiki cha nne ndicho kirefu, mwalimu." Nilimjibu hapana na kuendelea. Baadaye nilipopima nikakuta kipande chake kilikuwa kirefu kweli. Kwenye zoezi, wengi walipata maswali ya 3 na 4 tu. Nimeambatisha kurasa tatu za daftari.
>
> Naomba msaada wako kwenye mambo mawili:
>
> 1. Uliandika "Boresha zana." Je, tatizo ni zana niliyochagua, nilivyoiandaa, au nilivyoitumia?
> ……………………………………
>
> 2. Mwanafunzi aliposema vile, ningemuuliza swali gani badala ya kumwambia hapana?
> ……………………………………
>
> Nitarudia mada hii Alhamisi ijayo, kipindi cha pili. Nikipata neno lako kabla ya Jumatano jioni nitalitumia kwenye andalio.
>
> Wako mtiifu,
> (sahihi, jina, namba ya usajili)
>
> Nakala: Mwalimu mlezi

Maelezo machache juu ya viungo vyake. "Ndicho kipindi nilichotumia mihogo miwili" ni sentensi ya kumrudishia mkufunzi picha. Hatakumbuka tarehe, mihogo ataikumbuka. Kosa limesemwa na mwandishi mwenyewe, kwa sentensi moja, bila kujitetea na bila kujilaani. Tulijaribu toleo lenye "naomba radhi sana kwa uzembe wangu," tukaliondoa, kwa sababu msomaji mwenye huruma huanza kufariji na swali linasahaulika.

Siku ya mwisho imefungwa kwenye kipindi halisi cha Alhamisi. "Naomba unijibu mapema" haimfungi mtu, ila "kabla ya Jumatano jioni" ina sababu inayoonekana.

Kuhusu nakala tulibishana kidogo. Barua rasmi kutoka shuleni kwenda chuoni kwa kawaida hupita kwa Mwalimu Mkuu. Hii si ya kiutawala, ni ya kikazi kati ya mwanachuo na msimamizi wake, na ikipitia ofisini inaweza kukaa kwenye faili wiki nzima. Tumekubaliana iende moja kwa moja, nakala kwa mwalimu mlezi, na Mwalimu Mkuu ajulishwe kwa mdomo kwamba kuna kurasa za daftari zimepigwa picha. Hilo la picha asilipate kwa watu wengine.

Wiki ya 3, Jumatano: jibu

Limerudi jana usiku, kwenye mistari ile ile iliyoachwa wazi. Swali la kwanza: tatizo ni maandalizi. Vizima havikulingana, na sehemu za vizima visivyolingana hazilinganishwi. Akaongeza jambo ambalo sisi wenyewe hatukuliona: hata mihogo ikiwa na urefu mmoja haitafaa, kwa kuwa mhogo ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, vipande vya urefu sawa si kiasi sawa. Swali la pili: mwambie aviweke vizima vyote viwili sambamba, kisha liulize darasa, "Vizima vyetu vinalingana?" Watoto wataona wenyewe, na yule aliyejibu ataonekana ameona vizuri.

Linganisha na "jitahidi zaidi kwenye zana na ushirikishwaji." Mkufunzi ni yule yule, fomu ni ile ile.

Wiki ya 3, Ijumaa: kipindi cha marudio

Mihogo imeondolewa. Badala yake chelewa za mnazi, ambazo pwani hii ni za kuokota. Kila chelewa imekatwa sentimeta 24, kwa sababu 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila mabaki: theluthi ni sentimeta 8, robo ni 6, sudusi ni 4, thumni ni 3. Kinachopimwa ni urefu tu, kwa hiyo chelewa kuwa nyembamba kuelekea ncha hakusumbui. Kila dawati lilipata chelewa mbili. Kabla ya kukata chochote walizilaza sambamba na kukubaliana kwamba zinalingana, ndipo moja ikavunjwa vipande vitatu na nyingine vipande vinne.

Kasoro ilijitokeza kwenye kuvunja. Chelewa kavu haikatiki mahali ulipoweka alama, inapasuka, na vikundi vitatu vikapata theluthi zisizolingana. Chelewa mbichi zinakatika vizuri kwa wembe, lakini wembe darasani hautakiwi. Suluhisho la mwanachuo: alikata mwenyewe usiku, akaleta kifungu cha vipande kwa kila dawati pamoja na chelewa nzima mbili za kulinganishia. Imemchukua karibu saa moja na nusu kwa madawati 17.

Alirudia zoezi lenye mpangilio ule ule wa maswali na namba nyingine. Fungu la pili limepungua sana. Fungu la tatu limepungua kiasi, wengi bado wanakosa swali la mwisho, pale sehemu kubwa inapokuja ya pili. Inawezekana sasa wameshika kanuni mpya ya kukariri, "ya kwanza ndiyo kubwa," kwa kuwa maswali manne kati ya matano yanakwenda hivyo. Hilo ni kosa la zoezi, na ni letu pia, tuliliacha lipite wiki iliyopita. Zoezi lijalo mpangilio uchanganywe.

Wiki ya 4, Jumatatu: barua fupi ya pili

Tumeongeza kwenye kielelezo barua ya mistari mitano inayotumwa baada ya marudio. Ina mambo matatu: nilibadilisha nini kutokana na jibu lako, mafungu ya daftari yamekaaje sasa, nini bado. Haina swali. Mkufunzi aliyepata barua hii ana sababu ya kuijibu ile ijayo, na anajua atazame nini akirudi kutazama kipindi cha pili.

Kilichobaki kufanyiwa majaribio ni somo lisilo na jibu moja la kupima, kama Uandishi wa Insha darasa la sita. Huko mafungu ya daftari hayajipangi kwa alama ya > na <. Mwanachuo mmoja aliye shule ya Lindi vijijini amekubali kujaribu, kipindi chake kinatazamwa Jumatano. Tumemwomba aandike maneno matatu ya wanafunzi kama yalivyotamkwa, na saa ya kila moja, kisha alete daftari kabla hajaandika barua.